SOKO LA MATBAA: Pima karatasi kabla ya kuagiza picha

Wateja wanaopeleka matbaa picha zilizotengenezwa kwa programu za akili mnemba hukwama mara nyingi katika jambo moja. Picha ni nzuri, lakini haiingii kwenye karatasi. Fundi akiikata, kichwa cha mtu kinapungua. Akiivuta, uso unakuwa mpana kama uliovimba. Chanzo chake ni uwiano wa pande, yaani upana ukilinganishwa na urefu, ambao mteja hakuutaja wakati wa kuiagiza mashine.

Tuchukue mfano wa mchapishaji mdogo anayetaka jalada la riwaya ya ukubwa wa A5, nakala 1,000. Karatasi ya A5 ina milimita 148 kwa 210. Matbaa huongeza milimita 3 kila upande, ziada ambayo kisu huikata baada ya kuchapa, hivyo picha inayotakiwa ni milimita 154 kwa 216. Hicho ndicho kipimo cha kuanzia hesabu, wala si kile cha kitabu kilichokwisha kukatwa.

Mchapishaji asipotaja uwiano, programu nyingi humpa picha ya mraba. Ili mraba ufikie urefu wa milimita 216, upana nao utakuwa 216, na milimita 62 zitakatwa. Hiyo ni zaidi ya robo ya picha. Wengine huchagua 2:3 kwa kuwa wamesikia ndio uwiano wa vitabu. Kwa upana wa 154, picha hiyo itakuwa na urefu wa milimita 231, 15 zitaondoka. Hasara si kubwa, lakini kama kilemba cha mhusika kilikuwa kimegusa ukingo wa juu, ndicho kitakachokatwa.

Uwiano unaofaa hapa ni 5:7. Gawa 154 kwa 5, zidisha kwa 7, utapata 215.6, pungufu ya nusu milimita tu. Katika Midjourney uwiano huandikwa mwisho wa maagizo, upana ukitangulia:

```
mvuvi katika ngalawa alfajiri, anga tupu juu --ar 5:7
```

Namba ziwe kamili, zisiwe za desimali. Anayegeuza na kuandika 7:5 atapata jalada lililolala. Maneno "anga tupu juu" nayo yana kazi yake, kwani hapo ndipo jina la kitabu litakapokaa. Kuiandikia mashine "ukubwa wa A5" pekee si njia ya kutegemewa, kwa sababu umbo la picha hupangwa kwa alama hiyo au kwa kitufe cha programu.

Kuna programu zinazotoa maumbo matatu tu, kwa mfano pikseli 1024 kwa 1024, 1024 kwa 1536 na 1536 kwa 1024. Hapo mchapishaji achukue 1024 kwa 1536, ambayo ni 2:3, na aagize nafasi tupu juu na chini ili kisu kipate cha kukata. Asisahau pia kwamba jalada hili, kwa nukta 300 kwa inchi, linahitaji takriban pikseli 1,820 kwa 2,550. Picha ya 1024 lazima ikuzwe karibu mara mbili kabla ya kuchapwa, vinginevyo itatoka na ukungu.

Baada ya jalada, mchapishaji atataka tangazo. Asikate jalada lilelile. Kwa chapisho la mraba aagize upya 1:1, mhusika akiwa katikati na nafasi pembeni, maana tangu mwaka 2025 Instagram inaonyesha picha za ukurasa wa mtumiaji katika mstatili uliosimama, na mraba hupoteza kingo zake za kushoto na kulia pale.

Picha ya skrini ya simu ina mtego wake. Simu nyingi za sasa zina pikseli 1080 kwa 2400, yaani 9:20. Ukiipa picha ya 9:16, simu huikuza hadi ijae urefu, na moja ya tano ya upana hupotea. Aagize 9:20, na sehemu ya juu aiachie saa.

Bango la mita 3 kwa 1 ndilo gumu kuliko yote. Ukiomba 3:1 moja kwa moja, mara nyingi mashine hujaza upana kwa kurudia, na mvuvi mmoja anakuwa wawili. Ukiomba 3:2 kisha ukate, nusu ya urefu inaondoka. Njia ya mafundi ni kuagiza 3:2, mvuvi akiwa mdogo na mzima katika ukanda wa kati, bahari na anga vikiwa vitupu. Nusu hiyo ikikatwa, yeye habanduki. Maandishi huwekwa na fundi baadaye, upande wa bahari.