Swali Lisilo na Majibu Mawili

Mchoro wa msanifu unaonyesha juu ya dirisha pako milimita 2,400. Wa mhandisi unaweka chini ya boriti kwenye 2,250. Ukiuliza, "Tufuate upi?" utajibiwa, "Fuateni wa karibuni," na fundi atabaki palepale.

Andika kwa wote wawili: "Ghorofa ya kwanza, mhimili 3, kati ya A na B. Mchoro A-201, toleo C: dirisha 2,400. Mchoro S-105, toleo B: boriti 2,250. Vipimo vyote ni kutoka sakafu iliyomaliziwa. Tunapendekeza dirisha lishushwe hadi 2,250, boriti isiguswe. Mnakubali? Kama hapana, andikeni kipimo. Zege litamwagwa tarehe 14. Tunaomba jibu tarehe 9."

Usisahau sakafu: mhandisi mara nyingi hupima kutoka zege tupu, kabla ya sakafu kumaliziwa.