Usiniulize Uandike Sifa Gani kwenye Wasifu

Swali ninaloulizwa na waombaji wa kazi halibadiliki: sehemu ya ujuzi binafsi niandike sifa zipi? “Ninashirikiana vizuri na wenzangu” au “Ninazoea mazingira mapya haraka”? Jibu langu ni kwamba ufute sehemu hiyo yote.

Kuna orodha za “maneno yenye nguvu” zinazosambazwa kwenye makundi ya simu, nyingine zikiuzwa kabisa, na watu wanaahidiwa kwamba wakizinakili wataitwa kwenye usaili. Huo ni upotoshaji, na unawagharimu vijana nafasi. Ninapokuwa na rundo la maombi mezani na karibu kila mmoja ameandika kwamba ni mchapakazi, mwaminifu na anayeweza kufanya kazi chini ya usimamizi mdogo, maneno hayo hayanisaidii kumtofautisha yeyote. Anayegombana na kila mtu ofisini naye huandika kwamba anashirikiana, na mara nyingi anaamini hivyo kwa dhati. Watetezi wa orodha hizo husema mfumo wa kompyuta wa mwajiri huyatafuta maneno hayo. Hata kama ungeyatafuta, mwisho wake wasifu unafika mbele ya jopo la watu, na jopo halina la kuhoji kwenye neno “ushirikiano”. Linaweza kuhoji tukio.

Tuseme mtunza bohari wa kampuni ya vifaa vya ujenzi anataka kuonyesha kwamba anajua kufanya kazi na wenzake. Aandike hivi: “Bohari na mauzo tulikuwa tunatofautiana hesabu kila mwisho wa mwezi. Nilipendekeza bidhaa kumi zinazotoka haraka zihesabiwe kila Ijumaa, mimi na mtu wa mauzo tukisaini karatasi moja. Baada ya miezi minne tofauti ilishuka kutoka katoni 60 hadi 8.” Hajajisifu popote, lakini sasa nina cha kumuuliza. Nani alikataa mwanzoni, na kwa nini? Ulikubali kubadilisha nini kwenye pendekezo lako? Katoni zilihesabiwaje, na hizo 8 zilibaki kwa sababu gani? Aliyekuwepo atanieleza kwamba watu wa mauzo walilalamika kuwa Ijumaa ndiyo siku yao ya msongamano, wakaafikiana kuhesabu asubuhi kabla ya kufungua. Aliyebuni atarudia sentensi ileile kwa sauti ya juu zaidi.

Ninasikiliza pia anavyogawa kazi. Akisema “tulifanya” mwanzo hadi mwisho, namuuliza yeye binafsi aliamka asubuhi kufanya nini. Na anayesema “nilifanya” bila kumtaja mwenzake hata mmoja, katika hadithi inayodaiwa kuwa ya ushirikiano, amekwisha kunijibu.

Kuzoea mabadiliko hupimwa kwa njia hiyo hiyo. Ofisi ilipotoka kwenye madaftari kwenda kwenye mfumo wa kompyuta, wewe uliacha tabia gani? Wiki ya kwanza ulikosea wapi, na ilichukua muda gani kosa hilo kuisha? Anayeniambia hakukosea kabisa ananitia shaka zaidi kuliko aliyelala ofisini akirekebisha ankara.

Haya si mapenzi yangu tu. Mwaka 1998 Frank Schmidt na John Hunter walikusanya matokeo ya miaka 85 ya utafiti kuhusu uchaguzi wa wafanyakazi, wakaonyesha kuwa usaili wenye maswali yaliyopangwa hutabiri utendaji vizuri kuliko mazungumzo huria. Paul Sackett na wenzake walipozirudia hesabu hizo mwaka 2022, makadirio mengi yalishuka, lakini usaili uliopangwa ulishika nafasi ya juu kabisa.

Kwa hiyo waajiri: waulizeni wote maswali yaleyale, toeni alama mara jibu linapoisha, na ombeni tukio la pili, kwa sababu tukio moja linaweza kuwa bahati. Mauzo yaliyopanda kwa sababu duka la jirani lilifungwa hayathibitishi ustadi wa mtu. Mpigieni mdhamini na mumuulize kuhusu tukio lenyewe, si “Ni mtu mzuri?” Msimwadhibu msemaji mzito, mpeni muda, maana mnaajiri mtunza bohari, si mtangazaji.

Waombaji: sifa moja, tukio moja, mistari mitatu, chini ya kazi lilikotokea. Hujawahi kuajiriwa? Mafunzo kwa vitendo yanatosha, uhazini wa VICOBA unatosha, hata kamati ya harusi iliyofunga hesabu bila deni inatosha. Huna takwimu? Eleza hali ilivyokuwa kabla na ilivyokuwa baada, na utaje cheo cha mtu anayeweza kuthibitisha. Usibuni namba, kwa sababu swali langu la kwanza litakuwa ulihesabuje.