Kipande Kipya Kwenye Mstari wa Video

Anayetazama video ndefu kwenye simu huona mstari mwembamba chini ya picha. Sehemu moja ya mstari huo huwa na rangi ya kijivu: ni sehemu ya video ambayo imeshafika kwenye simu na kusubiri kutazamwa. Mtazamaji akiruka mbele, akarudi kidogo, kisha akaruka tena, sehemu zilizopakuliwa hazibaki kuwa moja. Zinakuwa vipande vilivyoachana, kila kimoja na sekunde yake ya kuanza na sekunde yake ya kuisha. Vichezeo vingine humwonyesha mtazamaji kipande kimoja tu, lakini kivinjari hukumbuka vyote, kwa sababu kisipokumbuka kitapakua upya kilichokwisha kupakuliwa na kumaliza bando la mtu bure.

Kumbukumbu hiyo ina sheria zake. Kiwango cha HTML, kinachoeleza jinsi vivinjari vinavyopaswa kufanya kazi, kinataka orodha ya vipande, inayosomwa kwa jina `buffered`, iwe imepangwa kuanzia cha mwanzo hadi cha mwisho. Vipande viwili visipishane. Hata vikigusana tu, kimoja kikiisha pale pale kingine kinapoanza, viunganishwe viwe kimoja. Kila mara data mpya inapoingia, orodha inapaswa kubadilika na bado ibaki safi hivyo hivyo.

Basi kazi ni hii: kuna orodha iliyopangwa, kuna kipande kipya, na kinatakiwa kiingizwe mahali pake bila kuharibu mpangilio. Njia ya haraka kichwani ni kukitupa kipande mwishoni mwa orodha, kuipanga orodha yote upya, halafu kuipitia ili kuunganisha vinavyopishana. Jibu litatoka sahihi. Ila njia hiyo inaanza kwa kuvuruga mpangilio uliokuwepo, kisha inatumia nguvu kuurudisha. Orodha ikisomwa mara moja tu, kutoka kichwani hadi mkiani, kazi yote inakwisha.

Tuseme mtazamaji ameshapakua vipande vinne vya video. Cha kwanza kinaanza sekunde 0 hadi 40, cha pili 95 hadi 130, cha tatu 150 hadi 180, na cha nne 240 hadi 300. Sasa inaingia data mpya inayoanzia sekunde ya 120 hadi ya 165.

Swali la kwanza kwa kila kipande ni kuhusu mwisho wake: je, kimeisha kabla ya sekunde 120? Kile cha 0 hadi 40 kimeisha mapema, kwa hiyo kinanakiliwa kwenye orodha mpya kama kilivyo. Kile cha 95 hadi 130 hakijaisha. Hapo swali linabadilika na kuhusu mwanzo: je, kimeanza kabla ya sekunde 165, au pale pale? Ndiyo, kimeanza 95. Kwa hiyo kinamezwa na kipande kipya, ambacho sasa mwanzo wake unarudi nyuma kutoka 120 hadi 95. Kinachofuata, cha 150 hadi 180, nacho kimeanza kabla ya 165. Kinamezwa pia, na mwisho unasogea mbele hadi 180. Cha mwisho kinaanza 240, mbali mbele. Kumeza kunakoma, kipande kilichokua cha 95 hadi 180 kinaandikwa, na kile cha 240 hadi 300 kinafuata nyuma yake bila kuguswa.

Kwa lugha ya Python, hatua hizo zinaandikwa hivi:

```python
def ingiza(orodha, a, b):
    jibu = []
    i, n = 0, len(orodha)
    while i < n and orodha[i][1] < a:
        jibu.append(orodha[i])
        i += 1
    while i < n and orodha[i][0] <= b:
        a = min(a, orodha[i][0])
        b = max(b, orodha[i][1])
        i += 1
    jibu.append((a, b))
    return jibu + orodha[i:]
```

Herufi `a` ni mwanzo wa kipande kipya, na `b` ni mwisho wake. Ingawa kuna vitanzi viwili, namba `i` hairudi nyuma hata mara moja. Kitanzi cha pili kinaendelea pale cha kwanza kilipoachia.

Kwa nini maswali mawili yanatosha? Jibu limo katika jinsi orodha yenyewe ilivyo. Vipande vimepangwa kwa sekunde ya kuanza, na kwa kuwa havipishani, kila kimoja huanza baada ya mwenzake kuisha. Kwa hiyo hata sekunde za kuisha zinapanda kwa mpangilio ule ule. Kikipatikana kipande cha kwanza ambacho mwisho wake unafikia 120, vyote vilivyo nyuma yake vinaufikia pia, na hakuna haja ya kuuliza tena. Kikipatikana cha kwanza kinachoanza baada ya 165, vyote vinavyofuata viko mbali zaidi. Vinavyoguswa na kipande kipya ni lazima viwe vimekaa pamoja, bila mgeni katikati yao.

Kuna jambo jingine zuri ndani ya hapo, ambalo wengi hulipita bila kuliona. Kipande cha kwanza kumezwa ndicho pekee kinachoweza kuuvuta mwanzo nyuma, na cha mwisho kumezwa ndicho pekee kinachoweza kuusukuma mwisho mbele. Vya katikati, hata vikiwa hamsini, vimefunikwa vyote na kipande kipya. Waandishi wa programu wanaoanza huhofia kwamba kipande kikikua kutoka 165 hadi 180 huenda kikagusa kingine ambacho awali hakikiguswa. Katika orodha safi hilo haliwezekani, kwa kuwa kipande kilichoupeleka mwisho hadi 180 kilikuwa tayari kimetengana na jirani yake wa mbele.

Makosa ya kazi hii yanajulikana, na mawili yanastahili kuangaliwa kwa karibu.

La kwanza ni kuuliza kuhusu mwanzo pale inapopaswa kuulizwa kuhusu mwisho. Mwandishi wa programu anajiambia kwamba vipande vyote vilivyoanza kabla ya 120 vimeshapitwa. Kile cha 95 hadi 130 kinaanza kabla ya 120, basi kinanakiliwa bila kuguswa, na orodha inatoka na kipande cha 95 hadi 130 kikifuatiwa na cha 120 hadi 180. Sekunde kumi sasa zimeandikwa mara mbili. Kosa hili hujificha, kwa sababu kwenye majaribio mepesi, ambamo kipande kipya kinaangukia kwenye nafasi tupu, jibu hutoka sahihi kila mara.

La pili ni kusahau `max`. Kipande kipya kinaisha 165, na mwandishi anadhani huo ndio mwisho wa kipande kilichounganishwa. Sekunde 15 kati ya 165 na 180, ambazo zimo kwenye simu, zinapotea kwenye kumbukumbu. Hakuna onyo lolote litakalotokea kwenye skrini. Kichezeo kitazipakua tena tu, na mwenye simu atalipia mara ya pili.

Makosa yote mawili hukamatwa kwa hesabu ndogo ya kujumlisha. Kabla ya kuingiza, vipande vinne vilikuwa na sekunde 40, 35, 30 na 60, jumla 165. Kipande kipya kina sekunde 45, lakini 10 kati ya hizo zilikuwa zimeshapakuliwa kwenye kipande cha pili, na 15 kwenye cha tatu. Nyongeza halisi ni sekunde 20, kwa hiyo orodha mpya lazima ifikie 185. Na ndivyo ilivyo: 40, 85 na 60. Aliyekosea swali la kwanza atapata 195, na aliyesahau `max` atapata 170. Jaribio la aina hii huzidi kutazama orodha kwa macho, hasa vipande vinapokuwa vingi.

Wapo wanaouliza kama kupitia orodha yote ni lazima, kwani mahali pa kuanzia panaweza kutafutwa kwa kugawa orodha nusu kwa nusu. Kwa vipande 1,000, hatua kama 10 zinatosha kupapata. Hilo ni kweli, lakini orodha ya kawaida kwenye kompyuta hukaa mfululizo, na kuingiza kitu katikati kunalazimu vyote vilivyo mbele visogezwe. Muda uliookolewa kwenye kutafuta unatumika kwenye kusogeza, ingawa kusogeza huwa ni kazi nyepesi kuliko kulinganisha. Kwa video ya kawaida, yenye vipande vichache, tofauti haionekani kabisa. Mambo hubadilika vipande vipya vinapofika kwa mamia kwa wakati mmoja. Kukiingiza kimoja kimoja maana yake ni kuipitia orodha mamia ya mara, na hapo ni afadhali kuvipanga vyote kwanza, kisha kuziunganisha orodha mbili kwa safari moja.

Linabaki suala la kugusana, na kwenye video halisi ndilo linalosumbua zaidi. Alama ya `<=` kwenye kitanzi cha pili, pamoja na `<` kwenye cha kwanza, zinahakikisha kwamba kipande kinachoishia 180 kinaungana na kinachoanzia 180, kama kiwango kinavyotaka. Lakini sekunde za video si namba kamili. Sauti ya aina ya AAC, ikirekodiwa kwa sampuli 48,000 kwa sekunde, kwa kawaida hukatwa kwa mafungu ya sampuli 1,024, na sekunde 10 hazigawanyiki sawasawa kwa mafungu hayo: yanatoka 468 na robo tatu. Picha nazo zina mgawanyo wao. Sauti na picha zinapokatwa vipande, kingo zao hazikutani barabara, na makadirio ya namba yakichangia, kipande kimoja kinaweza kuishia 180.00 na kingine kuanzia 180.02. Kwa sheria kali hivyo ni vipande viwili. Kwa mtazamaji ni video inayokwama pasipo sababu, wakati mtandao uko vizuri.

Ndiyo maana hls.js, programu huria inayotumika kuchezea video kwenye vivinjari, ina mpangilio uitwao `maxBufferHole`, unaosema pengo la ukubwa gani lichukuliwe kana kwamba halipo. Anayetaka uvumilivu wa namna hiyo kwenye msimbo ulioonyeshwa hapo juu lazima abadilishe sehemu mbili: kitanzi cha kwanza kilinganishe na `a - pengo`, na cha pili na `b + pengo`. Akibadilisha cha pili peke yake, jirani wa mbele ataunganishwa na jirani wa nyuma ataachwa. Na orodha ya kuanzia nayo iwe imesafishwa kwa pengo lile lile. Isipokuwa hivyo, kipande kilichomezwa kinaweza kuusogeza mwisho hadi karibu na jirani ambaye kipande kipya hakikumfikia. Hapo ile hofu ya wanaoanza inakuwa ya haki, na jibu litategemea kama mwandishi alilinganisha na mwisho wa awali au na ule uliokwisha kukua.