Cheti kimeandika "imefaulu". Kwa ukomo wa nani?

Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Siku chache baadaye ikaruhusu tena kwa masharti, mojawapo likiwa cheti kinachoonyesha kwamba sumukuvu haijavuka mikrogramu 10 kwa kilo. Wakati huo wauzaji wengi wa mahindi walijionea jinsi karatasi ya maabara inavyoweza kusimamisha lori. Msindikaji wa Tunduma anayevusha karanga kutoka Zambia kwa ajili ya siagi ya karanga au unga wa lishe yuko upande wa pili wa biashara hiyo. Yeye ndiye mnunuzi, na kazi ya kuidai karatasi, kuisoma na kuikataa ni yake.

Tuchukue mzigo wa mfano. Ni tani 10 za karanga zilizobanguliwa, magunia 200 ya kilo 50, kutoka Chipata, mashariki mwa Zambia. Muuzaji ametuma picha mbili kwenye simu. Ya kwanza ni cheti cha uchambuzi, kile ambacho mawakala wa forodha hukiita COA. Ya pili ni cheti cha ISO 22000 chenye nembo ya dhahabu. Cheti cha uchambuzi kina namba ya bechi, tarehe, na mistari miwili inayotuhusu: sumukuvu jumla mikrogramu 12 kwa kilo, sumukuvu B1 mikrogramu 9 kwa kilo. Pembeni imeandikwa ukomo 15, kisha neno "imefaulu". Chini kabisa, kwa herufi ndogo: matokeo haya yanahusu sampuli kama ilivyopokelewa.

"Cheti kikisema imefaulu, mzigo umefaulu."

Si kweli. Maabara haisemi kwamba karanga ni salama. Inasema kwamba namba iliyopatikana iko chini ya ukomo iliopewa. Ukomo wa 15 si wa kubuni: ndio uliowekwa na Codex kwa karanga zinazokwenda kusindikwa zaidi. Lakini msindikaji wa Tunduma anauza Tanzania, na viwango vya Afrika Mashariki vinataka sumukuvu jumla isizidi 10, na B1 peke yake, ambayo ndiyo kali kuliko zote, isizidi 5. Kwa hiyo karanga zetu za mfano zimefaulu kwenye karatasi na zimefeli Tunduma, mara mbili: 12 imepita 10, na 9 imepita 5. Muuzaji hakudanganya, na maabara haikukosea. Aliyenunua hakutaja ukomo wake alipoagiza, basi akapimiwa wa mwingine.

Angalia na kipimo chenyewe. Cheti kingine kingeweza kuandika miligramu 0.012 kwa kilo, na jicho lenye haraka likaona sifuri nyingi likaridhika. Ni kiasi kilekile: miligramu 0.012 ni mikrogramu 12.

Neno "haikugundulika" nalo lina mtego wake. Tafuta kiwango cha chini ambacho mbinu iliyotumika inaweza kukiona. Vipo vijiti vya kupima haraka vilivyotengenezwa kutenganisha mzigo ulio juu na ulio chini ya 20, ukomo unaotumika Marekani. Kijiti cha namna hiyo kikijibu "hasi", kimekwambia kwamba sumukuvu iko chini ya 20. Kuhusu 10 hakijasema lolote.

Na usijipe moyo kwamba ukikaanga tatizo litaisha. Moto wa kukaangia hupunguza sehemu ya sumukuvu, hauiondoi yote.

"Sampuli ya kilo moja inatosha, karanga ni zilezile."

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, na ndipo nitakapokaa kidogo.

Sumukuvu haikai kwenye karanga kama chumvi kwenye supu. Punje nyingi huwa hazina kitu kabisa, na chache zilizoshambuliwa na ukungu hubeba sumu nyingi ajabu. Watafiti wamewahi kupima punje moja moja na kukuta iliyopita mikrogramu milioni moja kwa kilo. Fanya hesabu. Punje ya nusu gramu yenye kiwango hicho ina mikrogramu 500 za sumu. Ukiitupa kwenye gunia safi la kilo 50 na kusaga gunia zima, wastani wa gunia unakuwa mikrogramu 10 kwa kilo. Punje moja imelifikisha gunia zima kwenye ukomo.

Sasa fikiria mtu amefungua gunia la karibu na mlango, akachota kilo moja na kuipeleka maabara. Uwezekano wa kuikosa punje mbaya ni mkubwa mno. Maabara itapima vizuri, itaandika namba ya kweli, na namba hiyo haitakuwa na uhusiano na magunia mengine 199. Ndiyo maana utaratibu wa Codex kwa karanga unataka sampuli ya kilo 20, iliyokusanywa kwa kuchota kidogo kidogo sehemu mbalimbali za mzigo, ikasagwa na kuchanganywa kabla ya kuchukua kile kidogo cha kupimwa.

Rudi sasa kwenye yale maandishi madogo: sampuli kama ilivyopokelewa. Kanuni za maabara, ISO/IEC 17025, zinaitaka maabara iseme hivyo pale ambapo si yenyewe iliyochukua sampuli. Maana yake ni kwamba mtu mwingine alichota, na maabara haiwajibiki kwa jinsi alivyochota. Mara nyingi mtu huyo ni muuzaji mwenyewe. Sisemi kwamba kila muuzaji huchagua karanga nzuri za kupeleka maabara. Nasema cheti cha namna hii hakiwezi kukuonyesha kama amefanya hivyo au la. Uliza maswali matatu: nani alichota, alichota magunia mangapi, na sampuli ilikuwa na uzito gani? Anayeshindwa kuyajibu amekuuzia namba bila mzigo.

"Namba ya bechi ni ya kiwandani, mimi hainihusu."

Si kweli, tena hili ni rahisi kulihakiki: namba iliyo kwenye cheti iwe ileile iliyo kwenye magunia. Magunia yasiyo na namba hayana cheti, hata kama karatasi iko mkononi mwako.

"Muuzaji ana ISO 22000, kwa hiyo karanga zake zimethibitishwa."

Si kweli, na kosa hili lina sura mbili. Kwanza, ISO 22000 inathibitisha mfumo wa kusimamia usalama wa chakula: jinsi kampuni inavyotambua hatari, inavyozidhibiti na kuweka kumbukumbu. Haithibitishi bidhaa. Hakuna gunia la karanga lenye ISO 22000. Wala shirika la ISO lenyewe halimpi mtu cheti. Hutolewa na kampuni za ukaguzi, na ni vyema kampuni hizo nazo ziwe na ithibati.

Pili, mfumo huo umethibitishwa kwa shughuli fulani na mahali fulani tu. Hayo ndiyo mawanda ya uthibitisho, sentensi moja au mbili ambazo wengi huziruka kwa sababu nembo iko juu na sentensi iko chini. Katika mfano wetu sentensi inasomeka hivi: uhifadhi na usambazaji wa nafaka na kunde zilizokaushwa, na anwani ni ya ghala lililoko Lusaka. Isome polepole. Karanga zetu zilibanguliwa, zikachambuliwa na kufungwa Chipata. Kazi hasa ya kutoa punje mbovu, ile inayopunguza sumukuvu, haimo kwenye sentensi. Anwani ya Chipata haimo pia. Mkaguzi wa cheti hiki huenda hajawahi kuiona mashine ya kubangua wala akina mama wanaochambua punje mezani. Cheti ni halali kabisa. Ila kinazungumzia ghala.

Vitendo ndivyo vya kutazama. "Usindikaji", "uchambuaji" na "ufungaji" vinakuhusu. "Biashara", "udalali" na "uhifadhi" havikuhusu sana. Kwenye baadhi ya vyeti utakuta pia herufi za kundi: FII ni udalali na biashara ya chakula, G ni usafirishaji na uhifadhi. Halafu tazama kama karanga zimetajwa, au bidhaa zilizotajwa ni mahindi na soya tu. Tazama na tarehe ya mwisho. Kuhakiki kama cheti bado kiko hai, ingia `iafcertsearch.org` uandike jina la kampuni. Kisipoonekana humo usimhukumu muuzaji papo hapo. Iandikie kampuni iliyokitoa. Usitumie anwani ya barua pepe iliyoandikwa kwenye picha uliyotumiwa, itafute mwenyewe.

"Maabara ina ithibati, basi kila kipimo chake kina ithibati."

Si kweli. Ithibati hutolewa kipimo kwa kipimo, na mara nyingi kwa aina ya chakula. Maabara inaweza kuwa na ithibati ya SADCAS ya Botswana au SANAS ya Afrika Kusini kwa unyevu na protini za nafaka, na isiwe nayo kwa sumukuvu kwenye karanga. Maabara nyingi huweka alama ya nyota kwenye kipimo kisicho na ithibati, na maelezo ya nyota hiyo huwa chini ya ukurasa. Orodha ya vipimo vilivyoidhinishwa ipo wazi kwenye tovuti ya aliyetoa ithibati.

"Nina cheti cha afya ya mimea, kinatosha."

Si kweli. Kile kinahusu wadudu na magonjwa ya mimea, kwa faida ya mashamba yetu. Sumukuvu si kazi yake.

"Cheti cha mwezi uliopita kina thamani mpakani."

Kweli, kwa sharti kwamba mzigo umebaki mkavu. Ukungu unaotoa sumukuvu unataka maji. Codex inataka karanga zilizobanguliwa zisizidi unyevu wa asilimia 9, na cheti chetu hakina hata mstari wa unyevu. Lori linaloondoka Chipata likiwa kavu linaweza kukaa kwenye foleni ya Nakonde na Tunduma wakati wa masika, turubai likiwa na tundu. Namba ya siku ya kupakia haijui yaliyotokea njiani. Anayedhani kwamba hatari hii ni ya mbali akumbuke Agosti 2024, Zambia ilipoondoa sokoni unga wa mahindi wa wasagaji kadhaa baada ya sumukuvu kukutwa humo, na mbwa wengi kufa.

Kwa hiyo mzigo wetu wa tani 10 usilipiwe kwa picha mbili. Kabla ya kutuma fedha, andika kwenye oda: sumukuvu jumla isizidi mikrogramu 10 kwa kilo na B1 isizidi 5, unyevu usizidi asilimia 9, sampuli ya kilo 20 ichukuliwe na mtu asiye wa muuzaji, kutoka kwenye magunia yenye namba ya bechi, maabara iwe na ithibati ya sumukuvu kwenye karanga, na sehemu ya malipo ibaki hadi sampuli nyingine ipimwe Tunduma baada ya kushusha. Muuzaji akikataa sharti la sampuli, tafuta mwingine.