«Ai lav yu», «nakupenda», «ngakwanza»: si neno moja

Jioni moja huku Butembo, kijana muuza vitambaa alituonesha telefone yake. Kwa siku kumi alikuwa anaandikiana na binti mumoja aliyesoma Kampala. Siku ya kwanza aliandika kwa Kingereza: «Hai bebi, ai mis yu.» Siku ya ine akageukia Kiswahili: «Miye niko nakuwaza sana, weye je?» Siku ya kumi akatupa Kinande: «Ngakwanza.» Hapo binti akanyamaza siku mbili nzima.

«Nilikosa wapi?» akatuuliza. «Maneno si yaleyale?»

Hapana, ndugu yetu. Si yaleyale.

Kwa wasomaji walio mbali, tukumbushe kwamba Butembo ni muji wa Wanande. Kinande ni cha nyumbani, Kiswahili ni cha soko na barabara, Kifaransa ni cha shule na biro. Kingereza kilitufikia kwa njia ya Kasindi: wachuuzi wetu wanavuka mpaka wa Mpondwe, wanaenda Kasese na Kampala kutafuta bidhaa, na wazazi wengine wanapeleka watoto kusoma kule. Njo maana vijana wetu wanabembelezana kwa luga tatu, na kila moja iko na bei yake.

Kingereza ni luga ya kujaribu. Kinaonesha kwamba umevuka mpaka, lakini hakikufungi. Binti akikasirika, unasema «nilikuwa nacheka tu», na mambo yanaisha bila haya. Naye akijibu «tenk yu» kavu, bila swali lolote nyuma, ujue mulango umefungwa kwa adabu. Hatari yake ni moja: mwenye kujua sentensi mbili tu anakamatwa kwenye ya tatu, na kicheko kitakuwa chake peke yake.

Kiswahili ndicho kinapima ukweli. Lakini angalia ni Kiswahili gani. Ukimwandikia binti wa hapa «ninakupenda kwa dhati ya moyo wangu», atafikiri umenakili mahali. «Miye niko nakuwaza» ndiyo sauti ya mutu mwenyewe. Tena kupenda kwetu ni neno pana: tunapenda sombe, tunapenda timu, tunapenda mutu. Kwa hiyo binti anaweza kulipokea neno hilo bila kuahidi kitu. Akitaka kukataa, hatasema hapana. Atakuita «yaya», na ukishakuwa kaka yake, basi imekwisha.

Kinande ni jambo lingine. «Ngakwanza» inabeba kupenda na kutaka pamoja. Anayeisema ni kama ameanza kuomba. Tena ni luga ambamo majina yenyewe yanataja nyumba: ukisikia Masika unajua ni binti wa kwanza kwa mama yake, ukisikia Kambale unajua ni mutoto mwanaume wa pili. Mara moja wazee wanaingia katika mazungumzo, hata kama hawapo: wewe ni wa nani, wa ukoo gani, baba yako anakaa wapi? Maswali hayo Kingereza hakiyaulizi.

Basi kosa la kijana wetu ni kuruka. Alitoka kwenye mchezo akaingia kwenye ombi, na katikati hakuuliza jambo hata moja la kwao binti. Kwake lilikuwa neno tamu. Kwa binti, ilikuwa kama mutu aliyefika kwa wazazi bila kupiga hodi.

Siku ya tatu jibu likafika: «Luga ya mama usiichezee. Unajua kwetu ni kwa nani?»

Kijana alisoma hapo kukataliwa, akataka kufuta namba. Sisi tukamwambia asome tena. Binti hakurudi kwenye Kingereza, na hakumuita yaya. Alijibu kwa Kiswahili, na alimuachia swali. Mwenye kukataa haulizi.

Usiku ule, mbele yetu, aliandika polepole: «Unisamehe. Sijui, naomba uniambie. Miye ni Kambale, baba ni wa Lubero.» Hakuna bebi, hakuna kusifu macho. Binti akaeleza kwao, kijiji na ukoo. Halafu, kabla ya kulala, akaongeza neno moja la Kinande: «Wasingya.» Maana yake ni asante tu. Lakini safari hii ni yeye aliyeichagua ile luga.

Kijana alitaka kurudisha «ngakwanza» palepale. Tulimunyanganya telefone.