Ekari na Shilingi: Nani Jirani wa Nani? (Sehemu ya Tatu)

Kati ya 1991 na 1994, Benki ya Dunia na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walizihoji kaya zaidi ya 900 mkoani Kagera, zikiwamo za Ngara na Biharamulo, kupima athari za vifo vya watu wazima. Kaya hizo zilifuatwa tena 2004 na 2010. Anayetaka kulinganisha kaya iliyofiwa na nyingine inayofanana nayo huhitaji algoriti ya jirani wa karibu, na hapo ndipo vipimo humponza.

Tuchukue kaya tatu za mfano. Ya Ngara ina ekari 2 na hutumia shilingi 200,000 kwa mwaka. Ya pili, ya Biharamulo, ina ekari 12 na hutumia 201,000. Ya tatu ina ekari 2.5 na hutumia 230,000. Ukipima umbali kutoka kaya ya Ngara bila kurekebisha, ya pili iko umbali wa 1,000 hivi, ya tatu 30,000. Ekari 10 za ziada hazikuonekana kabisa, kwa kuwa shilingi huhesabiwa kwa maelfu.

Kusanifisha ni kutoa wastani, kisha kugawa kwa mkengeuko sanifu. Tuseme mikengeuko ni ekari 3 na shilingi 60,000: kaya ya pili sasa iko umbali wa 3.3, ya tatu 0.5. Jirani amebadilika.

Njia nyingine hubana kila safu kati ya 0 na 1 kwa kutumia kima cha chini na cha juu. Matumizi yakianzia 50,000 hadi 350,000, na ekari zikianzia 0, mwenye ekari 100 mmoja tu anatosha kuharibu hesabu: pengo la ekari 10 linakuwa 0.1, sawa na pengo la shilingi 30,000, na kaya ya pili inarudi kuwa jirani kwa unywele. Mtu huyohuyo huuvuta pia mkengeuko, lakini katika kaya 900 ungepanda kutoka 3 hadi 4.4 tu. Mimi hubana pale tu mipaka inapojulikana kabla ya kupima, kama alama za mtihani.

Algoriti ya mti haijali haya. Huuliza tu kama ekari zinazidi 3, na mpangilio wa kaya haubadiliki kwa kugawa. Msitu wa miti ni vivyo hivyo. Regresheni ya kawaida hutoa makadirio yaleyale, vigawo tu ndivyo vinavyobadilika. Ukiiwekea adhabu kwa vigawo vikubwa, kizio huamua nani aadhibiwe.

Angalizo kwa wenye data za miaka kadhaa: sawazisha kwanza bei, kisha tumia wastani na mkengeuko wa 1991 kwa 2004 pia. Ukisanifisha kila awamu kivyake, wastani wa zote unakuwa 0, na ukuaji wowote wa matumizi kati yao unafutika.