Unga Unaowasha Masikio: Beta-alanini na Asidi ya Misuli

Katika chumba cha mazoezi cha chuo, mtumiaji wa beta-alanini hutambulika kwa kujikuna. Amekoroga unga wake mweupe kwenye chupa ya maji, ameunywa, na baada ya robo saa hivi masikio, uso na viganja vinaanza kumwasha kana kwamba sisimizi wanamtembea. Wengi hufurahia hali hiyo. Husema dawa imeshika, kisha hukimbilia kwenye mashine kabla "nguvu" haijaisha.

Sisi wanachama tunaokimbia na kupiga makasia tumeulizwa habari za unga huu mara nyingi, na wenzetu na hata na walimu, na kopo lake si rahisi kwa mfuko wa mwanafunzi. Kwa hiyo tuanze na jibu lenyewe: mwasho ule unatoka kwenye neva za ngozi, na haukuambii lolote kuhusu misuli yako. Beta-alanini inafanya kazi kweli, ila kazi yake ni ya wiki kadhaa, tena ni kwa aina moja tu ya jasho.

Tuchukue mbio za mita 800. David Rudisha alipoweka rekodi ya dunia London mwaka 2012 alitumia dakika 1 na sekunde 40.91. Mzunguko wa kwanza aliumaliza kwa sekunde 49.28, kwa hiyo wa pili ulimchukua 51.63. Hata bingwa wa namna ile, aliyekuwa mbele ya kila mtu, alipunguza mwendo. (Hatusemi kwamba alitumia unga wowote, tunamtaja kwa sababu ya saa yake.) Katika juhudi ya namna hiyo misuli inahitaji nguvu haraka kuliko oksijeni inavyoweza kuileta, hivyo inavunja sukari iliyohifadhiwa ndani yake kwa njia ya mkato. Njia hiyo ni ya kasi, lakini inaacha laktati pamoja na ayoni za haidrojeni, na ayoni hizi ndizo asidi yenyewe. Misuli iliyopumzika huwa na pH ya karibu 7.1. Mwisho wa juhudi kali inaweza kushuka hadi karibu 6.5. Hapo miguu inakuwa mizito, na kila mkimbiaji wa 800 anaijua mita mia ya mwisho.

Mwili hauachi asidi itambae bila kipingamizi. Ndani ya misuli kuna vitu vinavyozidaka ayoni za haidrojeni na kuzishikilia ili pH isiporomoke. Wanakemia huita kitu cha namna hiyo bafa. Protini ni bafa, fosfeti ni bafa, na kimoja kati ya vitu hivyo ni kanosini. Iligunduliwa mwaka 1900 na mwanakemia Mrusi Vladimir Gulevich na mwenzake katika dondoo la nyama, na jina lake limetokana na neno la Kilatini la nyama. Ni molekuli ndogo: asidi amino mbili tu zilizoshikana, beta-alanini na histidini. Upande wa histidini ndio unaodaka ayoni.

Uzuri wa kanosini uko kwenye namba moja, 6.83. Hiyo ndiyo pH ambayo nusu ya molekuli zake zinakuwa zimekwisha kushika ayoni na nusu bado ziko huru. Namba hiyo iko katikati kabisa ya njia ambayo misuli inashuka, kati ya 7.1 na 6.5. Tulipiga hesabu wenyewe. Kwenye 7.1, molekuli kama 35 katika kila 100 zimeshika ayoni. Kwenye 6.5, ni kama 68. Maana yake ni kwamba katika mteremko huo, katika kila molekuli tatu za kanosini, moja hivi inadaka ayoni ambayo ingebaki ikizurura. Kama namba ile ingekuwa 4 au 9, kanosini isingetufaa kitu, kwa sababu ingekuwa imejaa au imelala safari nzima.

Basi mbona tusile kanosini yenyewe? Kwa sababu haifiki. Binadamu ana kimeng'enya kinachoivunja damuni, na misuli inalazimika kuiunda upya. Histidini huwa ipo ya kutosha. Kinachopungua ni beta-alanini, na ukiiongeza, misuli huunda kanosini zaidi. Chakula chenye nyama, kuku na samaki huleta kiasi fulani, na ndiyo maana watu wasiokula nyama kwa muda mrefu hupimwa wakiwa na kanosini kidogo zaidi. Lakini kiasi kinachotumika katika majaribio ni kikubwa kuliko kile kinachopatikana katika mlo wa kawaida.

Mwaka 2006 Roger Harris na wenzake walionyesha hilo kwa kuchukua vipande vidogo vya misuli ya paja kabla na baada. Mwaka uliofuata kundi lilelile la watafiti likachapisha jaribio la baiskeli. Vijana waliokula gramu 4 hadi 6.4 kwa siku walikuwa na kanosini zaidi kwa karibu asilimia 59 baada ya wiki nne, na asilimia 80 baada ya wiki kumi. Katika jaribio la kukanyaga hadi kuishiwa nguvu, kwa mzigo unaomaliza mtu ndani ya dakika chache, kazi waliyoweza kufanya iliongezeka kwa asilimia 13 katika wiki nne za mwanzo.

Asilimia 13 inavutia macho, ila tuisome taratibu. Kukanyaga hadi kushindwa si mashindano. Mtu anayeongeza sekunde ishirini kabla ya kushindwa hapunguzi sekunde ishirini kwenye mita 800. Kwenye mbio halisi zenye mstari wa mwisho, faida ni sehemu ya asilimia hadi asilimia chache. Tena haipatikani kila mahali. Majaribio mengi yakijumlishwa, faida inaonekana hasa katika juhudi ya kati ya dakika moja na nne hivi, na kwa udhaifu zaidi hadi kama kumi. Chini ya hapo, kama mita 100, mbio zinaisha kabla asidi haijawa tatizo. Juu sana ya hapo, kama marathoni, mtu anakimbia kwa kiwango ambacho oksijeni inatosha. Jamaa zetu walioko nyumbani wanaotaka kututumia salamu za "unga wa Eldoret" wajue kwamba kwa mbio ndefu huu si unga wake.

Jaribio tunalolipenda zaidi lilifanywa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, na kuchapishwa mwaka 2010, kwa sababu linafanana na maisha ya wapiga makasia wetu. Walichukua wapiga makasia 18 wa kiwango cha juu na kuwapima kwenye mashine kwa mita 2,000, kazi ya dakika sita na zaidi kidogo. Badala ya kukata misuli, walipima kanosini ya ndama za miguu kwa mashine ya sumaku. Kundi moja lilikula gramu 5 za beta-alanini kwa siku kwa wiki saba, kundi jingine lilikula unga wa bandia, na hakuna aliyejua anakula nini. Mwanzoni, kundi la beta-alanini lilikuwa nyuma kwa sekunde 0.3. Mwishoni lilikuwa mbele kwa sekunde 4.3.

Kwa mpiga makasia, sekunde nne ni tofauti ya kupata medali na kuangalia wengine wakivishwa. Lakini watafiti wenyewe waliandika kwamba kwa watu wachache namna ile, takwimu hazikufikia kiwango cha kawaida cha kusema si bahati. Zilikaribia tu. Kilichokuwa imara zaidi ni jambo jingine: waliokuwa na kanosini nyingi ndio waliokuwa na kasi, na ambao kanosini yao ilipanda zaidi ndio waliopunguza muda zaidi. Sisi tunaiamini picha hiyo, huku tukikumbuka kwamba wanasayansi bado wanabishana asidi inachangia kiasi gani katika uchovu wa misuli, na kwamba huenda kanosini inasaidia pia kwa kuifanya misuli iitikie kalisi vizuri zaidi.

Sasa twende kwenye kopo. Kipimo kinachopendekezwa mara nyingi ni miligramu 65 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, kwa wiki kumi hadi kumi na mbili. Mwanachama wa kilo 60 anahitaji miligramu 3,900, tuseme gramu 4. Akizimeza zote pamoja atawashwa vibaya, maana mwasho huanza karibu na miligramu 800 kwa mara moja. Hauna madhara yanayojulikana, nao hupita ndani ya saa moja hivi, ila unakera. Dawa yake ni kugawa: gramu 0.8 mara tano pamoja na chakula, saa moja asubuhi, saa nne, saa saba, saa kumi na saa moja jioni. Vidonge vinavyoyeyuka polepole husaidia pia. Hivyo basi anayeitumia vizuri zaidi huenda hawashwi hata kidogo.

Tatizo kubwa liko kwenye ule unga wa mchanganyiko unaouzwa wa kunywa kabla ya mazoezi. Tuseme kipimo kimoja kina gramu 1.6, na mtu anakunywa siku tatu za mazoezi kwa wiki. Hiyo ni gramu 4.8 kwa wiki, wakati mwenzake wa gramu 4 kila siku amekula 28. Wa kwanza anapata mwasho wote na sehemu ya sita ya kipimo. Ile changamko anayoisikia ni kafeini iliyotiwa humo, ambayo angeipata kwa kikombe cha kahawa. Beta-alanini haimo kwenye orodha ya vitu vilivyopigwa marufuku, lakini michanganyiko ya namna hii imewahi kukutwa na vitu vilivyomo kwenye orodha hiyo. Kwa hiyo anayeshindana atafute kopo ambalo kila toleo lake limepimwa, au anunue beta-alanini tupu.

Na utajuaje kama imefanya kazi? Kupima kanosini kunahitaji sindano ya misuli au mashine ile ya sumaku, vitu ambavyo hatuna. Inabaki saa ya mkononi. Jipime mara tatu au nne kabla ya kuanza, uone muda wako unavyopanda na kushuka wenyewe kutoka siku hadi siku. Kama huwa unapishana sekunde mbili bila kula chochote, basi sekunde moja iliyopungua wiki ya kumi haijathibitisha kitu.

Ukiacha kula, kanosini haitoroki. Inashuka polepole, kwa asilimia chache tu kila wiki, na inaweza kuchukua wiki sita hadi kumi na tano kurudi ulipoanzia. Kwa hiyo aliyesahau kopo nyumbani siku ya mashindano hana la kuhangaikia, na anayelinunua siku hiyohiyo mlangoni mwa uwanja atapata mwasho tu.